Mchepuko sanifu kama kipimo cha hatari: jinsi ya kuupiga, na mahali unapopotosha

Wengi wanaoandika hesabu za biashara zao huku Mwanza wanajua kupiga wastani wa faida. Wachache hupiga na mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi faida inavyoyumba mwezi hadi mwezi, na hapo kosa moja hujirudia. Biashara yenye mchepuko mdogo inaitwa salama, fedha zote zinahamishiwa huko, kisha mwezi mmoja unafuta faida ya karibu nusu mwaka. Ukiipitia hesabu hukuti kosa. Lililokosewa ni namna jibu lilivyosomwa.

Mwongozo huu unapiga hesabu moja kwa biashara tatu. Namba zimetungwa makusudi ili zifanane pale zinapotakiwa kufanana, kwa hiyo usizichukue kuwa bei za soko.

## Vitu vya kuandaa

Uwe na daftari lenye mtaji wa mwanzo na wa mwisho wa kila mwezi, kwa miezi 12 au zaidi. Uwe pia na simu au kompyuta yenye Excel au Google Sheets. Kikokotoo cha kawaida nacho kinatosha kama una subira. Mwisho, tafuta mtu aliyefanya biashara hiyo hiyo miaka mingi kuliko wewe. Utamhitaji kwenye hatua ya 7, na bila yeye hatua hiyo haikamiliki.

## Hatua ya 1: Geuza shilingi kuwa asilimia ya mtaji

Faida ya shilingi 120,000 haisemi kitu mpaka ujue imezaliwa na mtaji wa kiasi gani. Kwa hiyo chukua mtaji wa mwisho wa mwezi, ondoa fedha ulizoongeza, rudisha ulizotoa kwa matumizi ya nyumbani, kisha ondoa mtaji wa mwanzo. Kinachobaki kigawe kwa mtaji wa mwanzo na uzidishe kwa 100. Jibu tuliite pato la mwezi. Likiwa chini ya sifuri, ni hasara.

Mfano: ulianza na 3,000,000, ukaongeza 500,000, ukamaliza na 3,620,000. Mtaji wenyewe umezaa 120,000, sawa na asilimia 4. Ukisahau kuondoa nyongeza utaandika asilimia 20.7, na namba hiyo moja itaharibu kila hesabu inayofuata. Ukiona mwezi mmoja umeruka juu kupita kiasi, angalia nyongeza kabla hujafurahi.

Hasara nayo iandikwe katika mwezi iliotokea. Mvuvi uliyemkopesha injini akiipoteza mwezi wa nne, usisubiri mpaka mwezi wa tisa utakapokata tamaa ndipo uandike. Daftari linalobeba madeni mabovu kwa jina la "atalipa" hutoa mchepuko mdogo ambao haupo.

Jambo dogo kwa wafanyabiashara wa dagaa: mitumbwi hutoka usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi, maana dagaa hufuata taa. Ukifunga hesabu tarehe 30, mwezi mmoja wa kalenda unaweza kubeba usiku mwingi wa giza kuliko mwingine, na huo nao ni myumbo ambao si hatari ya biashara. Ni bora kufunga hesabu kila mbalamwezi. Kwa urahisi, mfano wetu unafuata kalenda.

## Hatua ya 2: Jaza jedwali na utafute wastani

Biashara ya kwanza ni kununua dagaa mwaloni Kirumba na kuwauza mbali. Masika huwaloanisha kwenye vichanja, vuli pia. Ya pili ni kuwakopesha wavuvi nyavu na injini, wao wakilipa kidogo kidogo kila mwezi. Ya tatu ni kuchangia gharama za duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, upande wa Geita, ambako miezi mingi hutoa kifusi tu.

| Mwezi | Dagaa | Mikopo | Duara |
|---|---|---|---|
| Januari | 10 | 4 | 0 |
| Februari | 14 | 5 | -1 |
| Machi | 0 | 4 | 0 |
| Aprili | -10 | 3 | 1 |
| Mei | -8 | 5 | -1 |
| Juni | 4 | 4 | 0 |
| Julai | 12 | 4 | 0 |
| Agosti | 4 | 5 | -1 |
| Septemba | 3 | 3 | 1 |
| Oktoba | 1 | 4 | 0 |
| Novemba | -6 | 5 | -1 |
| Desemba | 0 | -22 | 26 |

Weka majina ya miezi kwenye safu ya A, na biashara tatu kwenye B, C na D, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 13. Andika 4, usiandike 4%, ili hesabu zako zifanane na za hapa.

```
=AVERAGE(B2:B13)
```

Nakili kwenda C na D. Kila safu inatoa 2. Usipopata 2, kuna namba uliyoikosea, na usiendelee mpaka uipate.

## Hatua ya 3: Piga varianti, na ujue kwa nini unazidisha kwa yenyewe

Kwa kila mwezi, ondoa wastani kwenye pato. Dagaa ya Januari ni 10 ukiondoa 2, unapata 8. Aprili ni -10 ukiondoa 2, unapata -12. Hiyo ndiyo michepuko ya mwezi mmoja mmoja. Ukiijumlisha yote inatoa sifuri kila mara, kwa sababu wastani uko katikati yake. Kwa hiyo jumla ya michepuko haipimi chochote.

Zidisha kila mchepuko kwa yenyewe: 8 inakuwa 64, na -12 inakuwa 144. Jumlisha miezi yote ya dagaa, unapata 634. Gawa kwa 11, si 12, maana wastani wenyewe umetolewa kwenye namba hizo hizo na umeshatumia taarifa ya mwezi mmoja. Jibu, 57.64, ndilo varianti. Kipeuo chake cha pili, 7.59, ndicho mchepuko sanifu, nao unarudi kwenye kipimo cha asilimia.

```
=VAR.S(B2:B13)
=STDEV.S(B2:B13)
```

Ukitumia `STDEV.P` utapata 7.27, kwa sababu yenyewe inagawa kwa 12. Si kosa kubwa, ila usilinganishe biashara moja kwa kanuni hii na nyingine kwa ile.

Swali ambalo wasomaji huuliza, nalo ni la haki: kwa nini tusiondoe tu alama ya kutoa na kutafuta wastani wa michepuko ilivyo? Jibu limo ndani ya mtaji wenyewe. Mtaji wa 100 ukipanda asilimia 10 kisha ukashuka asilimia 10, unabaki 99. Umepoteza 1. Ukipanda 20 kisha ukashuka 20, unabaki 96. Myumbo umekuwa mara mbili, hasara imekuwa mara nne. Fedha inayojizungusha huadhibiwa kwa mraba wa myumbo, na ndiyo maana kipimo kinachotumia mraba kinaifaa kuliko kingine.

Sababu ya pili ni kwamba varianti za vitu visivyotegemeana hujumlishika. Ukigawa fedha nusu kwa nusu kwenye biashara mbili zenye mchepuko wa 7.59 kila moja, na moja haijui habari za mwenzake, mchepuko wa mfuko mzima ni 7.59 ukigawa kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani 5.37. Michepuko isiyo na mraba haina kanuni nyepesi kama hiyo.

## Hatua ya 4: Hakikisha kwamba namba hiyo inapima fedha kweli

Usikubali 7.59 kwa imani. Acha faida na hasara zibaki ndani ya biashara mwaka mzima uone 1,000,000 inafika wapi:

```
=1000000*EXP(SUMPRODUCT(LN(1+B2:B13/100)))
```

Kama kila mwezi ungetoa asilimia 2 kamili bila kuyumba, ungemaliza na 1,268,242. Dagaa inamaliza na takriban 1,229,980. Hiyo tofauti ya shilingi 38,000 na ushee ni bei ya kuyumba. Unaweza kuikisia mapema: chukua nusu ya varianti, gawa kwa 100, unapata 0.29. Ondoa kwenye 2, unabaki na 1.71 kwa mwezi. Ukuaji halisi ni 1.74, kwa hiyo kisio limekaribia sana.

Sasa fanya hivyo hivyo kwa safu nyingine. Mikopo inamaliza na takriban 1,223,750, duara na 1,234,680. Biashara zenye sura tofauti kabisa zimetofautiana kwa shilingi elfu kumi na moja hivi tu, kwa sababu varianti zake zinalingana. Kwa swali la "kuyumba kunanigharimu kiasi gani kwa mwaka?" mchepuko sanifu umejibu vizuri, na anayeudharau moja kwa moja hajaupiga.

## Hatua ya 5: Chora nukta kabla ya kuita chochote salama

Nakili kanuni ya `STDEV.S` kwenda safu za C na D. Zote zinatoa 7.59, sawa hadi desimali ya mwisho. Wastani ni ule ule, mchepuko ni ule ule, na kwa kipimo hiki biashara tatu ni moja.

Chora mstari kwenye karatasi kuanzia -25 hadi 30, weka nukta moja kwa kila mwezi, biashara moja kwa kila mstari. Nukta za dagaa zinasambaa pande zote za 2 kwa kulingana: kwa kila mwezi ulio juu yupo pacha wake chini. Nukta za mikopo zimesongamana kati ya 3 na 5, halafu moja iko mbali kushoto kwenye -22. Duara ni kinyume chake, kama ilivyo sura kwenye kioo: nukta 11 zimelala karibu na sifuri, moja iko mbali kulia kwenye 26.

Umbo lenye mkia upande mmoja lina upogo. Mkia wa kushoto ni upogo hasi, wa kulia ni upogo chanya.

```
=SKEW(B2:B13)
```

Dagaa inatoa 0, mikopo -3.41, duara 3.41. Mchepuko sanifu haukuuona upogo huo, na sababu iko kwenye hatua ya 3: ukizidisha mchepuko wa Desemba wa mikopo, -24, kwa yenyewe unapata 576, na 24 ya duara inatoa 576 ile ile. Mraba unafuta alama. Kwa umbo lililolingana pande mbili hilo halina madhara, maana ukijua upande wa juu umejua na wa chini. Kwenye umbo lenye mkia, kilichofutwa ndicho ulichotaka kukijua.

Onyo kuhusu `SKEW`: kwa namba 12, kanuni hii haiwezi kuvuka 3.46 kwa upande wowote, hata mwezi mbaya ungekuwa wa hasara ya asilimia 100. Kwa hiyo isome kwa alama yake, na usiisome kwa ukubwa. Inakuambia mkia uko upande gani. Haikuambii una urefu gani.

Hapa ndipo ile kanuni maarufu ya kukisia mwezi mbaya kwa "wastani kutoa michepuko miwili" inapoanguka pia. Kwa biashara hizi ni 2 kutoa 15.18, yaani -13.2. Ikiwa mapato yana umbo la kengele, yaani mengi yako karibu na wastani na machache yako mbali, kwa kulingana pande zote mbili, pato la chini ya hapo hutokea mara moja katika miezi 44 hivi. Mwezi mbaya wa mikopo uko michepuko 3.16 chini ya wastani, jambo ambalo kengele ingelileta mara moja katika zaidi ya miaka 100. Lilitokea ndani ya mwaka. Kama hujui umbo, ahadi pekee unayoweza kuitegemea ni hafifu zaidi: kwa umbo lolote lile, kushuka michepuko miwili chini ya wastani hakuwezi kuzidi mara 1 katika 5. Kati ya 1 katika 44 na 1 katika 5, umbo ndilo linaloamua.

## Hatua ya 6: Futa Desemba

Hatua hii ndiyo inayoonyesha watu wanapoumia. Rudi nyuma hadi mwisho wa Novemba, kabla mwezi wa mkia haujafika, na upige upya kwa miezi 11:

```
=AVERAGE(C2:C12)
=STDEV.S(C2:C12)
```

Mikopo ina wastani wa 4.18 na mchepuko wa 0.75. Duara ina wastani wa -0.18 na mchepuko wa 0.75 vilevile. Dagaa iko na wastani wa 2.18 na mchepuko unaokaribia 8.

Mtu mwenye jedwali hilo mkononi tarehe 30 Novemba ataacha duara, atapunguza dagaa, na atapeleka fedha zote kwenye mikopo. Kila namba aliyopiga inamruhusu. Biashara yenye upogo hasi huonekana nzuri kuliko zote mpaka siku inapovunjika, kwa sababu kile kinachoitofautisha hakijaingia kwenye daftari bado. Inachukua ujira mdogo kila mwezi kwa kubeba janga la nadra, na mchepuko sanifu unahesabu ujira bila kulihesabu janga.

Ili utambue kama uko kwenye hali hiyo, usianze na namba. Uliza pato lako la juu kabisa linazuiwa na nini. Mvuvi uliyemkopesha hawezi kukulipa zaidi ya mlichokubaliana, kwa hiyo juu kuna dari. Chini hakuna sakafu mpaka mtaji wote uishe. Dari juu na shimo chini, mkia uko kushoto, hata kama jedwali linaonyesha miezi mizuri mitupu. Duara lina sura ya kinyume: huwezi kupoteza zaidi ya mchango wako wa mwezi, lakini mwamba ukikubali hakuna aliyekuwekea kikomo.

Dagaa iko katikati. Bei hupanda na kushuka, mvua hunyesha na kukatika, na mwenye biashara huiona hatari yake kila baada ya wiki chache. Si raha, lakini ni hatari inayoonekana. Ukipewa mchepuko wa 8 uliopatikana hivyo na wa 0.75 uliopatikana kwa ukimya, wa kwanza ndio wa kuaminika zaidi.

## Hatua ya 7: Pima upande wa chini peke yake, kisha ongeza mwezi ambao haujatokea

Rudisha Desemba. Sasa chukua mapato yaliyo chini ya sifuri tu, zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, gawa kwa miezi yote 12, kisha tafuta kipeuo cha pili:

```
=SQRT(SUMPRODUCT((B2:B13<0)*B2:B13^2)/COUNT(B2:B13))
```

Dagaa inatoa 4.08, mikopo 6.35, duara 0.58. Biashara zilizokuwa sawa zimeachana. Kosa la kawaida hapa ni kugawa kwa idadi ya miezi ya hasara badala ya miezi yote. Ukifanya hivyo mikopo itatoa 22, na biashara yenye hasara moja kila mwaka haitatofautiana na yenye hasara hiyo kila mwezi.

Kipimo hiki ni bora kwa umbo lenye upogo, ila nacho hakioni kisichoandikwa. Kwa miezi 11 ya kwanza mikopo ingetoa sifuri kamili. Kwa hiyo inabidi uweke mwezi mbaya kwa mkono wako, kwa maswali mawili.

Swali la kwanza ni la ukubwa: mambo yakiharibika, kiasi gani kinapotea? Mpelekee yule mwenye miaka mingi swali hili. Injini kuibwa ziwani, mtumbwi kupinduka kwenye dhoruba, mkopaji kuhamia kisiwa kingine, haya yeye ameyaona na daftari lako halijayaona. Waliokuwa kwenye viwanda vya minofu ya sangara wanakumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa madai ya uvuvi wa sumu. Jedwali la mapato ya mwaka uliotangulia lisingeweza kuonyesha uvuvi huo. Tuseme mzee wako anakubali kwamba -22 ni kisio la haki.

Swali la pili ni la idadi: mwezi huo ukitokea mara ngapi, faida yote inaisha? Miezi ya kawaida inatoa 4.18, mbaya inaondoa 22. Gawa 4.18 kwa jumla ya hizo mbili, 26.18, unapata 0.16. Yaani ukitokea zaidi ya mara moja katika kila miezi sita, unakopesha bure.

Sasa linganisha na ushahidi ulionao. Ipo kanuni ya haraka: ukipitisha miezi kadhaa bila janga, gawa 3 kwa idadi ya miezi hiyo, na jibu ndilo kiwango cha juu cha janga ambacho bado huwezi kukikataa kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa miezi 11 ni 3 gawa kwa 11, asilimia 27. Kanuni inazidisha kidogo kwa idadi ndogo hivi, jibu kamili ni 24. Hata hivyo maana haibadiliki: miezi 11 safi inaruhusu janga la karibu mara moja katika miezi minne, na biashara inakufa kwenye mara moja katika sita. Ushahidi wa miezi 11 haujathibitisha hata kwamba biashara hii ina faida.

Ili uikatae ile asilimia 16 unahitaji miezi 19 hivi bila janga. Na kama mwezi mbaya kwako ni kupoteza kila kitu, 4.18 gawa kwa 104.18 ni asilimia 4, na utahitaji miezi 75, zaidi ya miaka sita, ndipo utulivu wako uwe ushahidi wa kutosha. Kanuni hii inadhani mambo ya ziwa hayabadiliki katikati, kwa hiyo ichukue kama kiwango cha chini cha subira.

Unajua umefaulu hatua hii unapokuwa na namba tatu kwenye mstari mmoja: ukubwa wa mwezi mbaya, mara unazoweza kuvumilia, na mara ambazo daftari lako bado haliwezi kuzikataa. Ya tatu ikiwa kubwa kuliko ya pili, usiongeze mtaji.

## Hatua ya 8: Amua kiasi cha kuweka

Kugawa mikopo kwa wavuvi wengi kunasaidia ikiwa majanga yao hayahusiani. Kwa wavuvi wanne wasiotegemeana, mchepuko unapungua nusu, na upogo nao unapungua nusu. Lakini mitumbwi minne ya mwalo mmoja inalala chini ya dhoruba ile ile na inauza kwa bei ile ile. Usijaribu kupima uhusiano wao kwa miezi ya utulivu. Katika miezi hiyo mmoja hulipa 4 na mwingine 5 kwa sababu ndogondogo tu, na hesabu itakuambia hawahusiani. Uhusiano wao unajitokeza siku ya upepo.

Mkopo wa benki au wa kikundi ndio unaogeuza mkia kuwa kifo cha biashara. Ukiwa na 2,000,000 zako na ukakopa 6,000,000, ukaweka zote 8,000,000 kwenye mikopo ya wavuvi, mwezi wa -22 unachukua 1,760,000. Umebakiwa na 240,000 za kwako, na rejesho la 6,000,000 liko pale pale. Kwenye dagaa, mwezi mbaya kabisa unachukua 800,000. Aprili na Mei kwa mfululizo zinachukua asilimia 17.2, karibu 1,376,000, jambo linalouma karibu vilevile. Tofauti ni kwamba mwisho wa Aprili ulikuwa na nafasi ya kupunguza mzigo kabla ya Mei. Mkia unaokuja kwa mkupuo hautoi nafasi hiyo.

Kwa kikomo cha kiasi, anza na hasara unayoweza kuibeba bila kuuza kitu cha nyumbani. Tuseme ni 300,000. Igawe kwa mwezi mbaya uliokubaliana nao kwenye hatua ya 7. Kwa -22 ni 300,000 gawa kwa 0.22, takriban 1,360,000. Mzee akisema mwezi mbaya ni nusu ya mtaji, kikomo kinashuka hadi 600,000. Jaribu kupata kikomo hicho kwa mchepuko wa 0.75 wa mwisho wa Novemba na hutakipata: wastani wa 4.18 ukiondoa michepuko miwili bado ni faida ya 2.68, na kwa hesabu hiyo hakuna kiasi kinachozidi.